Supplaya kakuahidi nini kwenye simu na kabadilisha lini? Tupeane uzoefu wenye rekodi

Mfugaji wa Kizota
Habari za jioni wakuu. Mimi nafuga kuku wa mayai hapa Dodoma, chakula nachanganya mwenyewe, mashudu ya alizeti nachukua kwa jamaa mmoja wa Singida. Simu zangu zote na huyu bwana nimerekodi na anajua, nilimwambia tangu mwanzo na akacheka tu. Tatizo rekodi ninazo ila nikikaa kumbana ananichanganya, kila nikisema uliniahidi hivi anasema hapana ile tulibadilisha kwenye simu nyingine, nami nabaki natafuta faili moja moja huku yeye yuko hewani. Kwa hesabu yangu kanivunjia ahadi nne kwenye mzigo mmoja. Wenye uzoefu wa kufuatilia maneno ya simu hadi simu mnafanyaje? Tupeane hapa.

Kijana wa Nkuhungu
Mkuu simu yangu mpya kila nikibonyeza kurekodi inatangaza kwa sauti kwamba simu inarekodiwa, mteja anakata. Kuna apu isiyotangaza?

Mfugaji wa Kizota
Ndugu mi nauliza ukishazirekodi unafanyaje, sio kurekodi kwenyewe.

Bosi Mdogo
Nenda nazo mahakamani moja kwa moja, sauti ni ushahidi tosha, atalipa hadi nauli yako. Sauti haidanganyi.

Mama Stoo
Bosi Mdogo umepatia nusu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kweli inaruhusu rekodi kupokelewa kama ushahidi, ila kifungu cha 18 kinamtaka hakimu aangalie ilirekodiwaje, imetunzwaje bila kuchezewa na huyo anayeongea ametambuliwaje. Kupokelewa ni kitu kimoja na kushinda ni kingine. Unaweza kupokelewa vizuri kabisa halafu sauti yako mwenyewe ikakuangusha.

Kaka mfugaji, mi nimekaa stoo na manunuzi kwa wakandarasi miaka mingi, nondo na kokoto zote zinaagizwa kwa simu, nikueleze tunavyofanya. Faili la sauti liache kama lilivyo, usikate kipande. Fungua daftari au Ekseli, kila ahadi ipe namba yake. Tarehe ya mzigo ni namba 1, bei ni namba 2, uzito ni namba 3, hivyo hivyo. Halafu unasikiliza simu kwa mpangilio wa tarehe na kila mahali jambo hilo linapotajwa unaandika mstari mpya chini ya namba yake: simu ya tarehe gani, dakika ya ngapi, maneno yake yenyewe kama alivyoyatamka, na wewe ulijibu nini. Mstari wa zamani haufutwi wala haurekebishwi hata siku moja, maana ukiufuta ndo umepoteza ushahidi kwamba kabadilisha.

Hilo la ulijibu nini watu wengi wanaliruka na ndo lenye kesi. Hebu tupe simu zako zilivyokwenda, tarehe na maneno.

Mfugaji wa Kizota
Sawa dada, nimesikiliza tena usiku huu.

Jumatatu 3 Machi kasema: "Mifuko 60 ya kilo 50, shilingi 620 kwa kilo mpaka kwako Kizota. Ukituma advansi leo, Alhamisi mzigo unao." Nikamtumia advansi Jumanne asubuhi.

Jumatano 5 kapiga: "Umeme umetusumbua huku, mashine ilisimama, tusogeze Jumamosi." Nikasema sawa, Jumamosi haina shida.

Ijumaa 7: "Gari limeshapakia, mifuko yako 60 ileile, usafiri utamalizana na dereva akifika." Hapo nimesikika nasema "mmh", afu tukaongelea mambo ya njia.

Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Jumatatu 10 nimempigia mimi, anasema "si nilikwambia wiki hii, kesho kutwa unapokea." Mzigo umefika Jumatano 12, dereva kadai nauli yake, nimelipa maana kuku hawasubiri. Kupima, mifuko ni ya kilo 45.

Mama Stoo
Asante, umeeleza vizuri. Sasa tuipange.

Alhamisi tarehe 6 itoe kwenye malalamiko. Ahadi ile ilikuwa na sharti, ukituma advansi *leo*, na wewe ulituma kesho yake. Sharti halikutimia kwa hiyo hakuna alichovunja hapo. Na hata kama ungetuma siku ileile, Jumatano alikupigia kabla ya siku kufika na ukasema sawa. Hiyo tunaandika IMEBADILISHWA, wote mmekubali.

Jumamosi tarehe 8 ndo IMEVUNJWA. Siku imefika, mzigo hamna, hajapiga kuomba. Simu ya Jumatatu haiokoi kitu maana imekuja baada ya siku kupita, tena wewe ndo umempigia. Na maneno ya "si nilikwambia wiki hii" nenda kayatafute kwenye simu zote tatu, hayapo. Hayo yaandikie mstari wake: kadai kitu ambacho hakikusemwa.

Uzito sasa. Jumatatu kasema kilo 50, Ijumaa kasema mifuko 60 ileile bila kutaja kilo. Hii ndo ya kuangalia sana, kipimo kinadondoka kimya kimya na idadi inabaki. Lakini kutotaja si kufuta, kilo 50 bado inasimama. Mifuko 60 ilitakiwa iwe kilo 3,000, umepokea 2,700, kilo 300 kwa 620 ni 186,000. IMEVUNJWA.

Usafiri ndo penye utata. Bei ilikuwa mpaka Kizota, Ijumaa katupia nauli juu yako katikati ya sentensi. Kabadilisha, hilo liko wazi. Swali ni je, ile "mmh" yako ni kukubali? Mi naandika IMEBADILISHWA, HAIJAKUBALIWA, ila najua yeye ataisikia tofauti.

Mfugaji wa Kizota
Dada hiyo ya Alhamisi umenionea kidogo, siku moja tu ya advansi!

Mama Stoo
Sijakuonea kaka, nimesoma ulichoandika. Ukimpelekea malalamiko manne na la kwanza akalipangua, hayo mengine matatu hatayasikiliza.

Dalali Kibaigwa
Niwasemee na upande wa pili maana mi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Mara nyingi tunaahidi kwa sababu na sisi tumeahidiwa na mwenye gari au mwenye mashine. Nikikwambia "nitajitahidi ifike Jumamosi" hiyo siyo ahadi jamani, ni dua. Mteja anaandika Jumamosi kwenye daftari kama vile nimeapa. Mkifuatilia maneno yetu muandike na hayo ya mbele, inshallah, nadhani, nikipata gari.

Afu "mmh" kwenye biashara ni ndio. Angekataa angesema ngoja kwanza.

Bibi Mchele
Dalali hapana, mmh ni ya kusikiliza tu. Mume wangu ananijibu mmh miaka yote na hakuna alichowahi kukubali 😂

Mimi nachukua mchele Bahi, yangu ilikuwa ya siku na saa. Dereva kasema "nafika saa nane usiku Jumamosi", nikamsubiri usiku wa Jumamosi hadi kunakucha, kumbe yeye alifika ule wa kuamkia Jumamosi, kakuta geti limefungwa, kageuza kapeleka kwa mtu mwingine, na kwenye rekodi kila mtu anajiona yuko sahihi. Siku hizi nikisikia kesho kutwa au Jumamosi usiku namwambia hapo hapo nitajie tarehe, naye anaitamka, inabaki kwenye sauti.

Mama Stoo
Bibi Mchele hilo ni la muhimu. Kwenye daftari safu ya tarehe iwe mbili, moja alivyosema yeye ("kesho kutwa"), nyingine tarehe kamili ukiihesabu kuanzia siku ya simu hiyo, sio kuanzia siku unayosikiliza. Watu wanasikiliza rekodi wiki moja baadae wanahesabia leo. Na dalali umesema kweli, "nitajitahidi" tunaiandika ila safu ya hali inasomeka MAKADIRIO, haihesabiwi imevunjwa. Ila makadirio yakisogea kila simu nayo ni habari, unajua huyu mtu hana mzigo.

Kijana wa Nkuhungu
Na kama simu nyingine mliongea WhatsApp? Ya kwangu hairekodi za huko.

Mama Stoo
Swali zuri hilo. Hiyo nayo iandike mstari, tarehe na saa unaiona kwenye orodha ya simu, maelezo "haina rekodi". Usiiache, maana mtu mjanja akijua hakuna sauti ndo kila kitu atasema mlibadilishia huko. Dawa yake ukikata tu tuma meseji, kwa mfano: "Tumekubaliana mifuko 60 ya kilo 50, 620 mpaka Kizota, tarehe 8. Nijibu kama ndivyo." Akijibu ndiyo una maandishi. Akikaa kimya ni dhaifu, ila ni bora kuliko hakuna.

Bosi Mdogo
Sasa si umtumie tu sauti zote asikilize mwenyewe?

Mama Stoo
Hatasikiliza. Na ukimtumia zote humo kuna habari za watu wengine na mambo ya nyumbani kwenu. Msomee mistari, akibisha mmoja ndo unamchezea dakika hiyohiyo, na sentensi kadhaa kabla na baada, asije akasema umekata.

Mfugaji wa Kizota
Mrejesho wakuu. Nimempigia leo, nimeanza na uzito kama dada alivyopanga. Nikamsomea tarehe 3 kilo 50, tarehe 7 mifuko ileile, tarehe 12 mzani kilo 45. Kanyamaza kidogo kasema vijana wa mashine ndo wamebadilisha mifuko, atanipa mifuko 6 ya kilo 50 mzigo ujao bila malipo. Nimeandika ahadi mpya, namba 5, sharti lake "mzigo ujao" na tarehe hakutaja, nimemuuliza kasema tutaongea.

Ile ya Jumamosi kaomba radhi. Nauli amegoma kabisa, anasema nilikubali, nikamchezea kipande cha Ijumaa na yeye ndo anasema "si unajisikia mwenyewe hapo?"

Dalali Kibaigwa
Nilisema mimi.

Bibi Mchele
Asikutishe mwanangu. Muulize kama mmh ni ndio, kwa nini bei hakuishusha kutoka ile ya mpaka Kizota?

Mfugaji wa Kizota
Mama hilo sikuliwaza. Namtumia meseji sasa ivi.