Tupeane uzoefu: jibu "lililozidi" kwenye ufahamu lilikuponza vipi?

Bi Tuisheni, Kisauni
Wenzangu, jioni huwa na watoto 11 barazani kwangu, wengi wajiandaa na SAT, wawili IELTS. Kusoma wanasoma. Ukiwauliza kifungu kinasema nini, wakueleza vizuri. Mwiba ni lile swali la mwandishi ana nia gani, au ameandika kwa toni gani. Jumamosi niliwaandikia kifungu hiki. Mtihanini chaja kwa Kiingereza, ila nilikiandika kwa Kiswahili ili lugha isiwe kisingizio:

"Mafundi wa leo wanachonga milango mizuri, na sitawanyima haki yao. Baadhi ya kazi nilizoziona Mji wa Kale zingewafurahisha mababu. Hata hivyo, mlango uliochongwa kwa mashine, ukapakwa rangi ili uonekane mzee, hunifanya nijiulize tunahifadhi nini hasa: mbao, au ujuzi wa kuzichonga? Huenda hoteli inayouagiza haina kosa. Yataka mlango, si historia. Lakini jamii isiyotofautisha viwili hivi huenda siku moja ikabaki na milango mingi na asiwepo wa kuichonga."

Lengo kuu la mwandishi ni:
A. kuwalaumu wenye hoteli kwa kuua ufundi wa jadi
B. kuthibitisha kwamba mlango wa mashine hauna thamani yoyote
C. kueleza wasiwasi kwamba kuhifadhi mlango si sawa na kuhifadhi ufundi wake
D. kueleza jinsi milango ya nakshi inavyochongwa

Watoto 7 walichukua A, 1 B, 2 D. Mmoja peke yake alichukua C. Nipeni visa vyenu: jibu lililopita kiasi lilikunasa wapi, na ulilijuaje?

Fundi Nakshi
Jibu ni A, tena bila mjadala. Mimi nachonga, karakana yangu iko Majengo. Hoteli yaja na picha kwenye simu, yataka mlango kwa wiki mbili kwa bei ya kitanda. Nikisema miezi mitatu, waenda kwa mwenye mashine. Nani aliyeua ufundi kama si wao? Hao watoto 7 wana akili.

Binti Mvita
😂 Fundi, umejibu swali la maisha yako, si la kifungu.

Fundi Nakshi
Kwani kifungu chazungumzia nini? Si milango?

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Fundi, usimcheke mtu, na wewe Binti usimcheke Fundi. Nilifundisha ufahamu miaka 31, na kosa lake ndilo nililoliona mara nyingi kuliko yote. A inavutia kwa sababu msomaji anaikubali moyoni. Swali lakini haliulizi nani ana kosa. Lauliza mwandishi huyu alikaa kuandika ili afanye nini.

Mimi huwafanyia wanafunzi hivi. Chukua A, ujifanye ni kweli, kisha rudi kwenye kifungu utafute sentensi ambayo mwandishi mwenye nia hiyo asingeiandika. Iko palepale: "Huenda hoteli inayouagiza haina kosa." Mtu aliyeshika kalamu kuwalaumu wenye hoteli hawezi kuwafungulia mlango watoke hivyo. Sentensi hiyo moja yatosha kuiangusha A, hata kama kila mchongaji Mombasa anaiamini.

B nayo, tazama kitenzi chake kabla ya kufika kwenye "yoyote". Kuthibitisha. Amethibitisha nini huyu? Amejiuliza swali moja, akasema "huenda" mara mbili. Watoto huwinda maneno kama "yoyote" na "kabisa" mwisho wa jibu, huku kilichopita kiasi kimekaa mwanzoni, kwenye kitenzi, wanakiruka.

Mpanda Matatu wa Bamburi
Hiyo ya kitenzi ndiyo iliyonisaidia. SAT ya siku hizi ya kwenye kompyuta, kila kifungu kifupi, maneno 25 hadi 150, na swali moja tu juu yake. Sehemu ya kusoma na kuandika ina moduli mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Ukipiga hesabu ni dakika moja na sekunde chache kwa swali. Nilikuwa nasoma majibu manne kwanza, yananijaa kichwani, nikirudi kwenye kifungu naona kila jibu lina ukweli wake.

Nikabadilisha. Nafunika majibu kwa kiganja, nasoma kifungu, nasema kwa Kiswahili neno moja la toni kabla sijaona chochote. "Ana wasiwasi." "Anavutiwa." Ndipo nafunua. Kilichokuwa kikiniangusha ni ngazi ya maneno. Kutilia shaka, kukosoa, kulaumu, kulaani: kwa Kiswahili nasikia kila moja liko ngazi ya ngapi. Kwa Kiingereza nilikuwa nayaona yote manne ni "kusema vibaya". Kuna neno lao moja la ukali wa kuchoma kama pilipili mbuzi, mimi nililichukulia ni kukosoa kwa kawaida. Nililichagua kwenye jaribio mara mbili kabla mjomba hajanieleza. Tangu hapo kila neno la toni nikijifunza naliandika kwenye daftari kwa kupanga ngazi, sio kwa alfabeti.

Na nyongeza: SAT haikukati alama kwa kukosea, kwa hiyo ukishaondoa mawili usiache wazi.

Nesi wa Changamwe
Mimi tuisheni ilinifundisha mkato: ukiona "daima", "kamwe", "wote", "kabisa", piga mstari, hilo si jibu. Wallahi ulinifaa. Alama zilipanda, nikawa natembea na mkato huo kama hirizi.

Mpaka siku moja, jaribio la nyumbani. Kifungu cha daktari kuhusu kunawa mikono wodini. Maneno yake siyakumbuki yote, ila alisema hakuna mgonjwa hata mmoja anayestahili kuguswa kwa mkono usionawa, na kwamba uchache wa wafanyakazi si udhuru. Jibu moja lilisema anasisitiza wajibu "bila kuacha nafasi ya udhuru". Nikaona "bila", nikakata. Nikachagua "anapendekeza kwa upole". Naangalia majibu nyuma ya kitabu, nimekosa. Na mimi ni nesi! Kazini najua daktari akisema vile hapendekezi, na upole haupo.

Kwa hiyo Bi, waambie watoto mkato huo ni mzuri ila una meno.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Nesi, umesema nusu ya jambo vizuri kuliko mimi. Jibu kali si kosa kwa kuwa kali. Ni kosa likiwa kali kuliko kifungu. Mwandishi akipiga ngumi mezani, jibu la upole ndilo limekosa kipimo, kwa upande wa pili. Ila ngumi hizo si nyingi. Vifungu vya mitihani aghalabu ni vya watu wanaopima maneno, ndiyo maana mkato wako ulifaa muda mrefu.

Hapo ndipo wale wawili wa D walipoteleza, nadhani. Wameambiwa wachague lililo pole. D ni pole kweli, halimuudhi mtu. Lakini mlemle hamna patasi, hamna aina ya mbao, hamna hatua hata moja ya kuchonga. D haikuzidi, imekwenda kando. Ukishamaliza kuondoa yaliyozidi, kazi bado ipo: yaliyobaki yalinganishwe na kifungu upya.

Bi Tuisheni, Kisauni
Ni kweli, Mwalimu. Mmoja wa wale wa D nilimuuliza, akaniambia "Madam, C ina neno wasiwasi, na wewe ulisema tusichague hisia kali." Kumbe kosa ni langu. Wasiwasi si hisia kali, lakini nilivyowafundisha, kila hisia ikawa kali.

Kidato cha Nne, Likoni
Naomba kuuliza, KCSE je? Kiswahili karatasi ya pili hatuna A, B, C, D kwenye ufahamu. Kwenye jaribio la shule niliulizwa toni ya mwandishi, nikaandika "toni ya hasira na chuki kubwa", mwalimu akaweka mkasi. Mwandishi alikuwa akilalamikia takataka ufuoni. Si alikasirika?

Binti Mvita
Hasira labda. Chuki umeitoa wapi?

Kidato cha Nne, Likoni
Nilitaka jibu lijae mstari.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Mwanangu, umejitungia mwenyewe jibu lililozidi, hakuna aliyekutega. Jibu lenye maneno mawili lina miguu miwili, na mmoja ukivunjika jibu lote limelala. Ni vilevile kwenye ya kuchagua. Nikimwekea mtoto "heshima iliyojaa kejeli" kwa kifungu cha Bi, ataona heshima, ambayo ipo kweli, "sitawanyima haki yao", kisha ataruka kejeli. Kejeli iko wapi pale? Andika toni moja, "ya malalamiko", kisha utaje neno la kifungu lililokuonyesha.

Nesi wa Changamwe
Mimi nina swali langu linalonikera hadi leo. IELTS, ile ya YES, NO, NOT GIVEN kuhusu maoni ya mwandishi. Chukulia kifungu hikihiki, kauli iwe: "Ufundi wa kuchonga milango utakufa." Mwandishi kasema "huenda". Kauli imezidi. Sasa ni NO au NOT GIVEN?

Mpanda Matatu wa Bamburi
NO. Imezidi, basi ni makosa.

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Hapana, kijana. NO ni pale mwandishi anaposema kinyume. Hakusema hautakufa. Mimi ningeweka NOT GIVEN.

Nesi wa Changamwe
Nami nilifikiri hivyo. Lakini kauli ikiwa "Wenye hoteli wana makosa", naye kasema huenda hawana? Hapo "huenda" ni kinyume au si kinyume?

Mwalimu Mstaafu, Tudor
Hiyo ningeelekea NO, kwa sababu ametoa na sababu yake, "yataka mlango, si historia". Ila siapi. Mtunzi mzuri asingeuliza swali linaloning'inia hivyo.

Binti Mvita
Mimi ningeandika NOT GIVEN kwa zote mbili.

Fundi Nakshi
Nimekisoma tena mara tatu. Sawa, hajawalaumu. Lakini nawaambia amewaogopa. Huenda, huenda, mbili kwa kifungu kimoja! Bi Tuisheni, ulikiandika wewe. Uliwaogopa?

Bi Tuisheni, Kisauni
Fundi, mlango wa nyumba yangu ni wa mashine. Ningemlaumu nani?

Fundi Nakshi
Nitumie vipimo.