Mrejesho: ripoti yangu ya jaribio la kumbukumbu (Lamu)

Niliuliza: "Kwenye mapungufu niandike nini zaidi ya 'washiriki walikuwa wachache'?"

Asanteni sana, ripoti nimeshaikabidhi. Washiriki walisomewa orodha ya maneno, kisha wakaandika waliyoyakumbuka. Dhana tete ilibaki ileile: atakayehesabu kinyumenyume kwa sekunde 30 kabla ya kuandika atasahau zaidi maneno ya mwisho wa orodha kuliko anayeandika papo hapo. Matokeo yaliiunga mkono. Maneno ya mwanzo makundi yote mawili yaliyakumbuka karibu sawa, kwa kuwa mtu huwa ameshayarudia kichwani. Ya mwisho bado yako kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, na kuhesabu huyasukuma nje. Wanasaikolojia Glanzer na Cunitz walipata hivyohivyo mwaka 1966.

Pungufu zito ni mpangilio. Wote walisomewa orodha kwa mfuatano mmoja, na karibu na mwisho lilikuwemo "punda". Huku kwetu punda unapishana naye kila kichochoro, na hata waliohesabu wengi waliliandika. Je, ni nafasi ya neno au mazoea? Data yangu haiwezi kutenganisha. Nikapendekeza kila mshiriki asomewe orodha iliyochanganywa upya, neno lilelile lipate kuangukia mwanzo, kati na mwisho.