Hotuba ya sendofu imeandikwa na mashine, niisome au niichane?

BabaMdogo_Himo: Wakuu naomba msaada. Jumamosi ya wiki ijayo ni sendofu ya binti wa marehemu kaka yangu, ukumbi uko Moshi mjini, na mimi ndo nasimama badala ya baba yake, wamenipa dakika 5. Kijana wangu kaniandikia hotuba kwa ChatGPT, imetoka kurasa mbili, nzuri kweli, lakini dada yangu kaisoma akasema ni aibu, hotuba ya mzazi haiandikwi na mashine, nichane. Hivi ni kudanganya watu? Na kama nikibaki nayo naifanyaje iwe yangu?

Shangazi_Sakina: Dada yako yuko sahihi kabisa. Mi nimekaa kwenye sherehe hapa Arusha, baba mzima anasoma "ndoa ni safari ya mioyo miwili" hajainua macho hata mara moja, binti mwenyewe anachezea shela. Mzazi akisimama akasema maneno matatu akalia akakaa, yanatosha. Chana kaka.

dogo_wa_kiboriloni: Shangazi shikamoo ila hapo hapana. Watu wanaandikiwa hotuba tangu enzi na enzi, mgeni rasmi gani unayemjua anaandika mwenyewe? Mzee we mwambie tu kijana airudie, aiambie iweke vichekesho, simulizi za utotoni na Kichagga kidogo, dakika moja imetoka safi.

MC_wa_Pasua: Dogo nusu uko sawa nusu unampoteza mzee. Kuandikiwa kweli sio dhambi. Lakini ukiiambia iweke simulizi za utotoni na wewe hujaipa simulizi yoyote, inatunga. Nimeshika maiki siku mjomba mmoja anasoma "nakumbuka ulivyokuwa ukikimbia kwenye mvua uani kwetu" na mjomba huyo bibi harusi kamfahamu akiwa tayari yuko chuo, meza ya akina mama ikaanza kunong'ona palepale. Na hicho Kichagga kidogo ndo hatari zaidi, siku nyingine ilitoka salamu ya huku Marangu na wakwe wametoka Rombo, wakaitikia kwa Kiswahili, ukumbi ukapoa.

Baba mdogo weka hapa mistari michache tuone.

BabaMdogo_Himo: Inaanza hivi: "Ndugu wageni waalikwa, ni kwa furaha isiyo kifani ninasimama mbele yenu katika siku hii maalum. Binti yetu si tu ua la familia, bali pia ni nuru inayoangaza kila anapopita. Tangu utotoni alionyesha utii, uvumilivu na bidii." Halafu inaendelea, mwishoni kuna kuinua glasi.

mpare_halisi: Kuinua glasi Mchagga, na kulipia mnalipia wenyewe? 😂 Naomba kadi, single tu inatosha.

Mwl_Ngaramtoni: Mimi nasema kwenye mahafali hizi risala zipigwe marufuku. Kidato cha nne wetu walisoma risala ya mashine mbele ya mgeni rasmi, wakashukuru uongozi kwa "maktaba ya kisasa na maabara ya kompyuta". Hatuna. Tuna kabati. Mgeni rasmi naye akasimama akatupongeza kwa maktaba, na ile ahadi ya vitabu tuliyoitegemea ikapotea hivihivi.

MC_wa_Pasua: Mwalimu pole 😂 hiyo ni risala, kazi yake ni kuomba, huyu mzee haombi kitu. Ila ugonjwa ni uleule, mashine inajaza palipo wazi.

Baba mdogo turudi kwako. Ule mstari wa utii, uvumilivu na bidii. Maneno matatu yamepangwa kama askari, na ukiyahamishia kwa binti wa jirani yanamkaa vilevile. Sasa jiulize we mwenyewe, huo utii uliuona siku gani? Alikuwa wapi, kashika nini? Andika hapa kama unavyomsimulia mtu kwenye haisi, usitafute maneno mazuri.

BabaMdogo_Himo: Ah, hiyo ipo. Alikuwa na miaka 9 hivi. Kaka kamtuma soko la Himo na kamkungu ka mshare, kadogo tu, akamwambia we usishushe mpaka wafike elfu tatu. Kaka anamaanisha bei. Mtoto akaenda akasimama na mkungu kichwani tangu asubuhi, akina mama wanamwambia tua tuzione ndizi anasema baba kakataa nisishushe. Mimi napita saa sita namkuta shingo imekaza, jasho linamtiririka, mkungu bado uko juu. Nilipomweleza kaka alicheka mpaka akakaa chini kwenye mizizi ya mparachichi.

Shangazi_Sakina: Haya sasa! Si ndo hotuba hiyo! Mashine ya nini?

dogo_wa_kiboriloni: 😂😂😂 nimecheka ofisini

MC_wa_Pasua: Umeona. Hiyo hakuna mashine ingeitunga, maana imekaa kwenye neno moja, kushusha, la bei na la mzigo.

BabaMdogo_Himo: Nimempa kijana akaiingiza, imerudi hivi: "Akiwa na umri wa miaka tisa alitumwa sokoni na baba yake mpendwa, ambaye alimwagiza asishushe bei. Kwa kutoelewa, alidhani ameambiwa asishushe mzigo, hivyo alisimama nao kichwani kwa saa nyingi. Tukio hili la kuchekesha linatufundisha utii na uvumilivu wake wa kipekee." Mbona sasa haichekeshi?

MC_wa_Pasua: Kwa sababu imeanza na jibu. Neno "bei" limetajwa mapema kwahiyo watu wameshajua mchezo kabla mtoto hajafika sokoni. Wewe ulivyotusimulia ulisema "usishushe mpaka wafike elfu tatu", bei inaeleweka yenyewe na masikio yetu yakaingia mtegoni pamoja na mtoto, ila hata wewe uliongeza "kaka anamaanisha bei", hiyo kata. Cha pili yule mtoto hasemi chochote humo, na kicheko chote kiko kwenye jibu lake kwa wale akina mama. Cha tatu huo mkia wa "linatufundisha". Ukumbi ukishacheka ukaanza kueleza maana, unawanyang'anya. Mimi huwa nawaambia wazee, ukiona sentensi baada ya kichekesho inaanza na "hii inaonyesha", futa bila kuuliza.

Mi ningeiweka hivi, kila mstari peke yake kwenye karatasi, maandishi makubwa, mstari mtupu maana yake funga mdomo:

> Alikuwa na miaka 9. Kaka akamtwika mkungu wa mshare, aende Himo sokoni.
> Akamwambia, mwanangu, usishushe mpaka wafike elfu tatu.
>
> Saa sita napita pale. Mtoto kasimama, mkungu uko kichwani, shingo imekaza.
> Akina mama wanamwambia, mwanangu tua basi tuzione ndizi.
> Anasema, baba kakataa nisishushe.
>
> 
>
> Mkwe wangu, huyu ukimwambia neno, mwambie vizuri. Analishika.

Pale penye mistari mitatu mitupu ndo wanacheka. Wewe usicheke nao, usiangalie karatasi, mwangalie binti. Kicheko kikianza kushuka, usisubiri kiishe kabisa, ndo unamgeukia bwana harusi. Na usiweke kimya kila baada ya sentensi, kikiwa kila mahali watu wanadhani umepotea mstari. Hapo viko viwili tu.

Na kitu wengi wanasahau, kaongee na dijei mapema. Madijei wetu wakisikia kimya cha sekunde mbili wanadhani umemaliza, wanakugongea mziki, mama mmoja kule juu anapiga kigelegele na dakika zako zimeishia hapo. Mwambie asiguse kitu mpaka urudishe maiki kwa MC.

mpare_halisi: Elfu tatu mkungu mzima? Siku hizo raha. Ila mkwe usimwambie bei ya sasa.

BabaMdogo_Himo: Mpare ingekuwa wewe ungeshusha kwa mia tano ukaomba na gunia. MC asante sana. Sasa urefu, hizi kurasa mbili kijana anasema ni maneno 700.

MC_wa_Pasua: Mimi kwa mwendo wa ukumbini natoa kama maneno 90 kwa dakika, wewe jipime na simu, soma kwa sauti umesimama, sio kimoyomoyo kwenye kochi. 700 inakaribia dakika 8 na bado hujachekewa. Lenga 350, muda unaobaki ni wa kicheko na wa kupumua. Salamu za vyeo zote kata, MC ameshazitaja, sema itifaki imezingatiwa uingie. Ukijirekodi utasikia mwenyewe pale ulimi unapojikwaa, "furaha isiyo kifani" jaribu uone. Pale unapojikwaa andika ulichosema kwa bahati mbaya, mara nyingi ndo neno lako. Glasi muulize mama wa binti, kuna nyumba hilo halifanyiki hata kwa soda.

dogo_wa_kiboriloni: Sasa MC ukikata yote hayo mashine imebaki na nini?

MC_wa_Pasua: Mpangilio. Kwamba aanze na shukrani, aje binti, aje mkwe, amalizie baraka. Mzee asingekaa chini aandike bila zile kurasa mbili za kukataa. Mi sioni ubaya.

Shangazi_Sakina: Mi bado naona. Baba mdogo, humo ndani ya baba yake yameandikwaje?

BabaMdogo_Himo: "Baba yako anatutazama kutoka mbinguni akitabasamu." Shangazi, hiyo nilitaka kuiacha ibaki. Sio kwamba ni tamu. Nikiweka maneno yangu hapo sitamaliza, nalijua hilo. Maneno ya mtu mwingine naweza kuyasoma.

MC_wa_Pasua: Hapo mi ningesema umtaje pale kwenye mparachichi tu, alicheka akakaa chini, basi, usiende mbinguni. Wanaomjua watamuona.

Shangazi_Sakina: Na akilia?

MC_wa_Pasua: Mi nitakuwa pembeni nachukua maiki, ndo kazi.

Mwl_Ngaramtoni: Mi nadhani aiache ya mbinguni. Sio kila mstari lazima uwe wako, hata misa ya marehemu padri anasoma kitabuni na tunalia.

Shangazi_Sakina: Mwalimu usilinganishe misa na sendofu jamani.

BabaMdogo_Himo: Nimejirekodi usiku huu, dakika 4 na sekunde 20. Ya mparachichi nimeiweka, nimefika "akakaa chini" sauti ikakatika, nimerudia mara tatu inakatika palepale. Ya mbinguni nimeikunja iko mfuko wa shati kama akiba. Dada yangu kasema atakaa meza ya mbele aone nitatoa ipi.