Mrejesho: kichwa cha slaidi kinachosema hitimisho

Niliuliza: "Slaidi yangu ina kichwa 'Malalamiko ya Wateja'. Nikiandikeje ili kitoe hitimisho?"

Mrejesho, wakuu: sasa kinasomeka "Nusu ya malalamiko yanatokana na mizigo kuchelewa". Kumbe sentensi ilikuwa rahisi, ugumu ulikuwa kwenye grafu. Ile ya awali ilionyesha malalamiko kwa mwezi, kwa hiyo haikuthibitisha kichwa hata kidogo. Nimeweka ya pau, kila pau ni chanzo kimoja cha malalamiko. Pau ya ucheleweshaji tu ndiyo yenye rangi, nyingine kijivu.

Slaidi nyingine iligoma kutoa sentensi isiyo na "na pia" katikati. Ilibeba hoja mbili, nikaigawa. Ya ajenda nimeiacha na jina lake tu, haina cha kuhitimisha. Bosi alisoma vichwa, akaenda moja kwa moja kuuliza kuhusu madereva.