Tupeane uzoefu: simu za intaneti ofisini zinakatakata huku MOS inasoma vizuri

Mtoa Mizigo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya simu za ofisini zinazokatakata, lakini kila mtu aje na namba alizozisoma, isiwe "mtandao ulikuwa mbovu" tu. Naanza mimi.

Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini Dar. Tuna simu za mezani, mtambo wa Asterisk uko chumba cha seva, na faiba yetu ina kasi ya kupakia ya Mbps 10. Waliolalamika ni wateja: "unakatika, hebu rudia namba ya kontena." Sisi tulikuwa tunawasikia vizuri kabisa. Skrini ya simu ilisoma MOS, ile alama ya ubora wa sauti, 4.3, na kwa kodeki ya G.711 hata laini safi haivuki 4.4 hivi. Mtoa huduma alipoona picha ya skrini ile akasema shida iko kwa mteja.

Shida haikuwa kwa mteja. Simu ya mezani inapima sauti inayoipokea, kwa hiyo ile 4.3 ilikuwa ya sauti ya mteja ikija kwetu. Sauti yetu ikienda kwake inapimwa na upande wa pili, nao unaturudishia taarifa. Kwenye Asterisk unaiona simu ikiwa bado inaendelea:

```
asterisk -rx "pjsip show channelstats"
```

Mstari wa laini ya mtoa huduma una makundi mawili. Chini ya `Receive` safu ya `Jitter`, yaani kuyumba kwa muda wa pakiti kufika, ilikuwa 0.003. Chini ya `Transmit` ilikuwa 0.047, na `Lost` inapanda kila nikirudia amri. Angalieni hiyo 0.047: kwenye toleo letu ni sekunde, maana yake milisekunde 47. Ukiipitia haraka utadhani ni kidogo, wakati pakiti za sauti zinatakiwa kuachana milisekunde 20 tu.

Kilichofuata ilikuwa kuangalia saa. Malalamiko yalikuwa yanaanza saa tano asubuhi. Nikaacha `ping` inakwenda: milisekunde 11, 12, 11, halafu saa tano ilipofika ikaruka hadi zaidi ya 350 na ikabaki huko huko. Bekapu ya kompyuta za uhasibu ilikuwa inaanza kupanda mtandaoni saa ileile. Nikaisimamisha, `ping` ikarudi 11 papo hapo.

Bekapu sikuifuta. Niliweka kikomo cha kupakia kwenye ruta kiwe Mbps 9, na pakiti za sauti zikatangulia mbele ya nyingine zote. Hiyo Mbps 1 niliyoiacha ndiyo siri yake. Ukijaza laini mpaka mwisho, foleni inajengeka kwenye kifaa cha mtoa huduma, na huko huna amri ya kusema nani atangulie. Ukibana kidogo, foleni inajengeka kwenye ruta yako mwenyewe. Sasa hivi saa tano `Transmit` inasoma 0.005 na bekapu inaendelea kupanda.

Karibuni.

Chapa Kazi

Mkuu, umezunguka sana. Sisi tulikuwa na hilohilo, tukaongeza kifurushi kutoka kasi ya kupakia Mbps 5 kwenda 20, zikatulia siku ileile. Ongezeni kasi, basi.

Mtoa Mizigo

Nakuamini kwamba zilitulia. Lakini simu moja ya G.711 haizidi kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, pamoja na vichwa vya pakiti. Simu kumi kwa pamoja hazifiki hata Mbps 1, kwa hiyo hata ile Mbps 5 yenu ilikuwa inazitosha na kubaki. Ulichonunua ni kwamba kile kinachojaza laini kinamaliza mapema na kuondoka njiani. Siku mkiweka kamera za ulinzi zinazorusha picha mchana kutwa, foleni itarudi.

Chapa Kazi

Kamera zinakuja mwezi ujao, kusema kweli. Nitarudi kuleta majibu.

Dada wa Mapokezi MSA

Mimi si mtu wa IT, niko mapokezi kwenye hoteli Mombasa, lakini nimekaa na kijana wetu wa IT mpaka kikaeleweka, naomba nisimulie. Natumia simu ya kwenye laptopu na hedseti. Kwangu ilikuwa kinyume na kwa Mtoa Mizigo: mimi ndiye niliyekuwa siwasikii wageni. Katikati ya sentensi neno moja au mawili yanamezwa, halafu sauti inarudi safi. Baada ya muda tena. Nikaanza kuandika saa kila inapotokea, tukaona inakuja kama kwa zamu, haiji ovyo.

Kijana akanasa simu zangu kwa Wireshark, akafungua `Telephony`, `RTP`, `RTP Streams`. Akaniambia `Lost` ni sifuri na wastani wa jita ni milisekunde 6, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Nikamwambia lakini neno limepotea, nimelisikia likipotea! Ndipo akaangalia safu ya `Max Delta`. Ilikuwa 380.

Yaani kuna mahali pakiti moja ilifika milisekunde 380 baada ya iliyotangulia, halafu zile zilizokwama nyuma yake zikaja zote kwa mkupuo, kama daladala zinazofuatana baada ya kituo kukaa kitupu. Zote zimefika, kwa hiyo hazihesabiwi kama zilizopotea. Lakini muda wake wa kuchezwa umepita, na simu inazitupa.

Chanzo kilikuwa waifai ya laptopu. Kila baada ya muda inaacha kazi kidogo ikatafute mitandao mingine iliyo karibu. Wamenivutia kebo mpaka mezani. Sijamezwa neno tena.

Mzee wa Swichi

Dada, hongera kwa kung'ang'ana. Ulichosikia wewe ni kipimo, na pale kilikuwa sahihi kuliko ile safu ya `Lost`.

Nikazie hapo, maana nimehangaika na simu hizi miaka mingi na wastani ndio unaopoteza watu. Chukueni simu ya dakika tano. Pakiti 50 kila sekunde, jumla 15,000. Ripoti ikisema upotevu ni asilimia 1, ni pakiti 150. Zikipotea mojamoja, huku moja na kule moja, kila pengo ni milisekunde 20, simu inaliziba kwa kurudia sauti iliyotangulia, na mteja hagundui pengo lolote. Zikipotea zote 150 kwa mfululizo, ni sekunde tatu za kimya. Mteja anasema "haloo? haloo?" na anakata. Ripoti zote mbili zinaandika asilimia 1, na MOS inayokokotolewa kwa wastani wa simu nzima inaweza kutoka ileile.

Kwa hiyo simu yako ikiwa na ripoti ya RTCP-XR, iwashe. Ile inatenganisha zilizopotea njiani na zilizotupwa na bafa ya simu kwa kuchelewa, halafu inaonyesha kama upotevu ulikuja kwa mkupuo. Kisa cha Dada kingeonekana dakika ya kwanza: zilizopotea sifuri, zilizotupwa kibao.

Na nyongeza kwa Mtoa Mizigo. Wapo watoa huduma ambao mitambo yao hairudishi taarifa kabisa. Hapo upande wa `Transmit` safu za `Lost` na `Jitter` zitasoma sifuri, na watu wanashangilia. Sifuri ya jita kwenye laini halisi haipo. Ukiiona, hujapimwa.

Goma Hewani

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Goma, ofisi yetu inatumia satelaiti, ile ya sahani kubwa. Jita yetu ndogo, upotevu karibu hakuna, MOS 4.1. Lakini simu ni taabu! Mimi nasema, mwenzangu anasema, tunagongana, tunanyamaza wote, tunaanza tena wote. Niweke kikomo cha kupakia kama wewe?

Mzee wa Swichi

Ndugu yangu wa Goma, kwako sauti haikatiki, inachelewa. Satelaiti ya aina hiyo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kwa maneno kunapita nusu sekunde. Watu wawili wanaongea bila kugongana kama kuchelewa kwa upande mmoja hakuzidi milisekunde 150 hivi. Kikomo kitakusaidia laini ikijaa, lakini umbali ule hakiufupishi.

Angalia jina la hiyo MOS yako. Simu nyingi zinaandika mbili, `MOS-LQ` na `MOS-CQ`. Ya kwanza inapima usikivu peke yake, haijali kuchelewa. Ya pili inahesabu na kuchelewa. Nadhani hiyo 4.1 ni ya kwanza.

Goma Hewani

Nimeangalia. LQ 4.1, CQ 2.9. Basi ndiyo hiyo. Tumezoea kumaliza sentensi kwa kusema "nimemaliza", kama watu wa redio ya upepo.

Kebo Kwanza

Na mimi nina ushahidi dhidi ya mtoa huduma wetu. Nimeendesha `mtr` kwenda kwenye seva ya simu, ruta yao ya tatu inaonyesha upotevu wa asilimia 40! Nimewaandikia barua.

Mzee wa Swichi

Kabla hujaituma, soma mistari iliyo chini ya huo wa tatu. Seva ya mwisho inaonyesha ngapi?

Kebo Kwanza

Sifuri.

Mzee wa Swichi

Basi pakiti zinapita. Ruta nyingi hupunguza makusudi kujibu maswali ya kipimo ili zifanye kazi yake ya kupitisha. Upotevu wa kweli unaanza mahali fulani na unaonekana mistari yote inayofuata mpaka mwisho. Ukianza na kuishia katikati, barua hiyo watakurudishia.

Kebo Kwanza

Lakini simu zinakatika kweli, mkuu. Siwazushii.

Mzee wa Swichi

Sijasema hazikatiki. Nimesema ushahidi huo hauonyeshi wapi. Nasa pakiti sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye mlango wa mtambo wa simu na nje ya ruta yako, na uangalie sauti inayotoka. Mlango wa mtambo kwa kawaida utaonyesha safi, maana pakiti ndiyo kwanza zinaondoka. Zikiharibika kati ya hapo na nje ya ruta, ni za kwako. Zikitoka nje zikiwa bado zimepangika na upande wa pili unaripoti jita, hapo barua ina nguvu.

Mtoa Mizigo

Mzee, naomba na mimi nikuulize lililobaki. Wateja wetu wa mezani wametulia wote. Wanaopokea kwa simu za mkononi, wachache bado wanalalamika jioni, na wakati huo `Transmit` yetu iko 0.005, upotevu sifuri, na taarifa zinarudi kweli.

Mzee wa Swichi

Taarifa hiyo inaishia kwenye mtambo wa mtoa huduma. Kutoka hapo kwenda mtandao wa simu za mkononi, na kutoka mnara hadi mkononi kwa mteja, namba zako hazifiki. Andika saa, namba iliyopigiwa na mtandao wake kwa kila lalamiko. Zikijikusanya kwenye mtandao mmoja, mtoa huduma wako anaweza kuangalia anavyounganishwa nao. Zikitawanyika, sina jibu.

Mtoa Mizigo

Nimefungua daftari mapokezi. Mpaka sasa ni mitandao miwili tofauti, na mmoja wa waliolalamika alikuwa ndani ya kivuko cha Kigamboni.