Usaili wa msaidizi wa ERP Mtwara: swali la gunia 250 na kilo 250, mngejibuje?

Binti wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya TEHAMA na Alhamisi nina usaili hapa Mtwara mjini, kampuni inayokusanya na kubangua korosho. Nafasi ni msaidizi wa mfumo wa ERP, ngazi ya chini kabisa: kupokea malalamiko ya watumiaji, kutatua yanayotatulika na kupandisha mengine kwa wakubwa. Wanatumia ERPNext.

Naomba ushauri kwa sababu miezi mitatu iliyopita nilifanya usaili wa nafasi kama hii Lindi nikaanguka. Maswali ya utangulizi nilijibu vizuri. Kisha msaili mmoja akaniambia: "Mtunza stoo anapiga simu. Anataka kutoa kilo 5,000 za korosho ghafi, mfumo unakataa, unasema zipo kilo 250 tu. Yeye yuko ghalani anaziona gunia 250 kwa macho yake. Lori liko getini. Utafanya nini?"

Nikajibu kwamba nitaingia kwenye mfumo nirekebishe idadi iwe sahihi. Wakaangaliana, wakaandika kitu, tukahamia swali lingine. Sikuitwa tena.

Nimeambiwa na aliyefanya usaili hapa mjini mwaka jana kwamba swali la namna hii lipo. Jibu zuri ni lipi? Naomba linalosemeka kwa mdomo, si la kitabuni.

Kaka wa Ligula

Dada, jibu lako halikuwa baya, ulikosa jina tu. Ungesema utatengeneza Stock Reconciliation, unaandika kilo 20,000 (gunia 250 mara kilo 80), una-Submit, lori linaondoka. Kazi ya dakika tano. Kwetu kila mwisho wa mwezi tunafanya hivyo.

Mama Nachingwea

Poleni na majukumu. Mimi ni mtunza stoo, si wa korosho, ni wa dawa. Hilo la mfumo kusema pungufu linatupata kila siku na mara nyingi aliyekosea ni yule aliyetoa mzigo bila kuandika. Mwanangu, waambie utaanza kwa kuhesabu upya na kumwita mlinzi wa zamu. Huku kwetu boksi 12 zilipotea hivyo hivyo.

Mzee wa Leja

Mama Nachingwea, shikamoo. Kesi yako ni ya mzigo kupotea, na kuhesabu upya ndiyo njia yake. Hii ya binti ni tofauti, na tofauti yenyewe inaonekana kwenye namba. Gawanya zilizopo kwa zinazoonyeshwa: 20,000 kwa 250 ni 80 kamili. Wizi hauji kwa hesabu iliyonyooka namna hiyo, wala unyevu hauji hivyo. Korosho ikikaa ghalani inakauka na uzito unashuka, lakini hapo utaona tofauti ndogo yenye mikia, tuseme 20,000 dhidi ya 19,870. Ukiona 80 kamili, ujue gunia limeingizwa kama kilo.

Binti, nimekaa upande wa wasaili mara kadhaa. Swali hili halipimi kama unajua kitufe gani cha kubonyeza. Tunataka kuona unagusa nini kwanza, na unaacha nini bila kugusa. Anza hivi:

"Namwomba mtunza stoo anitumie picha ya ujumbe wa kosa na namba ya hati aliyopokelea mzigo. Namuuliza kama ni korosho ghafi tu au na bidhaa nyingine, ghala hili tu au yote, na mara ya mwisho kutoa bila tatizo ilikuwa lini. Namwomba asimamishe utoaji wa bidhaa hiyo kwenye mfumo mpaka nimpigie. Nafungua tiketi."

Kusimamisha utoaji ni sehemu ambayo wengi wanairuka. Tuchukue bei ya mfano, gunia shilingi 240,000, yaani 3,000 kwa kilo. Gunia 250 ni milioni 60. Mhasibu akifungua leja anaona milioni 60, sawa na ankara, hana sababu ya kulalamika. Kosa liko kwenye kiasi peke yake, ndiyo maana linaweza kukaa wiki nzima bila kugundulika. Lakini mfumo sasa unaamini kila kilo imenunuliwa kwa 240,000. Akitoa kilo 250 za kwanza, zinaondoka na milioni 60 yote, na korosho iliyobaki ghalani inakuwa haina thamani yoyote vitabuni.

Hapo ndipo Kaka wa Ligula naye anapopata shida. Stock Reconciliation ina safu ya kiasi na safu ya bei. Ukiandika 20,000 na bei ikabaki 240,000, umeandika korosho ya shilingi bilioni 4.8 kwenye ghala la milioni 60. Lazima bei nayo ishuke iwe 3,000.

Kaka wa Ligula

Mzee nimekuelewa kwenye bei, hilo nakubali sikulisema. Lakini ukiweka 20,000 na 3,000, thamani inabaki milioni 60, tofauti ni sifuri, hakuna leja inayoharibika. Kwa nini isiwe jibu?

Mzee wa Leja

Kwa sababu hati ya mapokezi bado inasema kilo 250. Ripoti ya manunuzi ya msimu itabeba hizo 250, na kesho gunia zingine zitapokelewa kwa kosa lile lile, maana chanzo hujakigusa.

Chanzo kinatafutwa hivi. Fungua Purchase Receipt, angalia mstari wa korosho. Utaona UOM ni Gunia, Stock UOM ni Kg, na Conversion Factor ni 1 badala ya 80. Kisha fungua Item yenyewe, kwenye jedwali la vizio. Kama nako Gunia ni 1, basi aliyesajili bidhaa alikosea na kila hati iliyopita hapo imeugua. Kama una ruhusa ya kusoma databesi (kusoma tu), unazipata zote kwa mara moja:

```sql
SELECT parent, item_code, qty, conversion_factor, stock_qty
FROM `tabPurchase Receipt Item`
WHERE uom = 'Gunia'
  AND conversion_factor = 1
  AND docstatus = 1;
```

Hiyo `docstatus = 1` inakuletea zilizothibitishwa tu. 0 ni rasimu, 2 ni zilizofutwa. Wasaili wanapenda kuuliza hilo.

Ukirekebisha Item ikawa 80, hati za zamani hazibadiliki. Kila hati ilishanakili 1 yake siku ilipoandikwa. Kwa hiyo inabidi Cancel kisha Amend, tena kwenye nakala mpya ubadilishe 1 iwe 80 kwenye mstari, maana Amend inanakili na makosa. Kama mapokezi yalivutwa kutoka kwenye LPO, kaitazame nayo. Na kama ankara imeshatengenezwa juu ya mapokezi hayo, Cancel itagoma mpaka ankara itangulie kufutwa. Hapo si kazi yako tena. Unapandisha tiketi kwa mkubwa wako na mhasibu, ukiwa umeandika namba za hati, hesabu ya 80, na ulichokwisha kujaribu kwenye mfumo wa majaribio.

fundi_wa_Shangani

Mnazunguka sana. Si UPDATE moja tu kwenye databesi? Weka stock_qty 20000, umemaliza. Nimewahi kufanya na kazi ikaendelea.

Mzee wa Leja

Kijana, ulibadilisha hati, hukubadilisha ghala. Kiasi kinachomzuia mtunza stoo kinatoka `tabBin` na `tabStock Ledger Entry`, na fedha ziko `tabGL Entry`. Ukigusa jedwali moja, matatu hayajui, na hakuna kumbukumbu ya nani alibadilisha. Binti akisema hili neno kwenye usaili wa ngazi ya chini, wasaili wengi watafunga daftari.

Binti wa Mikindani

Mzee wa Leja, asante sana. Sasa naona kwa nini waliangaliana. Naomba niulize la lori. Kule Lindi msaili aliongeza: "Meneja amekupigia, anasema washa Allow Negative Stock, lori liondoke." Hapo nilibaki kimya.

Mzee wa Leja

Kwenye Stock Settings kile kitufe kinafungulia bidhaa zote za kampuni, si korosho peke yake. Mwambie meneja kwa heshima kwamba ukikiwasha, mfumo utaacha kukataa makosa ya watu wengine wote, na korosho itatoka kwa bei ya 240,000 kwa kilo. Kisha mpe njia nyingine: mzigo uondoke kwa hati ya mkono iliyosainiwa na mtunza stoo na mhasibu, iingizwe kwenye mfumo leo leo baada ya marekebisho.

Mkaguzi Kusini

Nimefuatilia kimya, naomba nipinge hapo. Mimi ni mkaguzi wa ndani. Hati ya mkono ndiyo mlango wa mzigo kutoka mara mbili. Msimu ukichanganya kuanzia Oktoba, malori yamepanga foleni, hiyo "leo leo" inakuwa wiki ijayo. Kwangu lori linasubiri. Kurekebisha hati moja isiyo na ankara hakuzidi saa moja.

Jambo lingine: kizio cha gunia kwa korosho ghafi kisingekuwepo kabisa. Hakuna gunia lenye kilo 80 kamili, moja lina 79, jingine 82. Mizani inatoa kilo, andika kilo. Gunia lihesabiwe pembeni kwa ajili ya ulinzi.

Mzee wa Leja

Kwenye kizio nakubaliana nawe. Kwenye lori bado sijashawishika. Korosho ikilala getini na mvua ya Desemba nayo ni hasara. Binti, sema utafuata utaratibu wa kampuni, na uwaulize utaratibu wao ni upi.

Mama Nachingwea

Kumbe nami nina boksi na vidonge! Zile boksi 12 nitaangalia tena kesho, isije ikawa tulimsingizia mtu.

Binti wa Mikindani

Wakuu, narudi kuleta mrejesho. Usaili ulikuwa jana. Swali walilibadilisha: mfumo kilo 40, ghalani gunia 40. Niligawanya mbele yao, nikapata 80, yule mama wa uhasibu akatabasamu. Nilieleza kusimamisha utoaji, kutafuta hati, na habari ya bei kwenye Stock Reconciliation.

Kisha akaniuliza: "Na kama mapokezi ni ya Novemba, leo ni Januari, na Novemba tulishaifunga?" Nikasema sitafungua mwezi uliofungwa, nitapeleka kwa mhasibu mkuu na kupendekeza Stock Reconciliation ya tarehe ya leo, kilo 3,200 kwa bei ya 3,000, ikiwa na maelezo na namba ya hati ya Novemba. Akaniuliza ripoti ya manunuzi ya Novemba itakuwaje. Nikamwambia itabaki na kilo 40, na sijui njia ya kuisahihisha bila kufungua mwezi. Hakusema kitu.

Watapiga simu wiki ijayo. Mzee wa Leja, Mkaguzi, kwa hilo la Novemba ninyi mngesemaje?

Mkaguzi Kusini

Mimi ningesema kama wewe, na ningeambatanisha barua ya maelezo kwenye faili la Novemba. Mzee najua atataka mwezi ufunguliwe.

Mzee wa Leja

Ndiyo, ningetaka ufunguliwe, kwa idhini ya maandishi, hati ile moja tu, kisha ufungwe siku hiyo hiyo. Ila si kwa mkono wa msaidizi.