Mkate wa mayai unanipasukia, naomba ushauri

Habari zenu wapishi. Nimejaribu mara tatu mkate wa mayai kama ule wa Mombasa, na kila mara manda inachanika nikiikunja, mayai yanamwagika kwenye chuma na kuungua.

Nakanda unga vikombe 2 kwa chumvi na maji ya vuguvugu, nagawa madonge 6, nayapaka mafuta na kuyaacha dakika 20. Kima naikausha kwa thomu, tangawizi na bizari nzima, ikipoa ndipo natia kitunguu kibichi na mayai 3. Jana nilipunguza moto. Haikuchanika sana, ila pembe zilibaki mbichi, unga mtupu!

Je, madonge yalale muda gani ndipo yavutike bila kutoboka? Na kitunguu nikikamue kwanza?